Kifuniko cha Sufuria na Pepo Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo kwa walimwengu wote: leo alasiri, baada ya mashauriano marefu na bila kumwaga damu, bakuli la sukari la nyumba hii limehamishwa kutoka mezani hadi juu ya kabati la vyombo. Pande zote mbili zimearifiwa. Chai itaendelea kunywewa.

Pande zenyewe ni hizi. Mvua ya kwanza iling'oa paa la shangazi yangu, dada wa baba, nikamchukua akae kwetu mpaka fundi amalize. Wiki hiyo hiyo mama mkwe wangu alipasuliwa jicho, mke wangu akamchukua akae kwetu mpaka bandeji itoke. Mimi na mke wangu tulifanya wema huo kila mtu kivyake, bila kuambiana. Sasa wanawake wawili ambao hawajasemezana tangu mwaka wa harusi yetu, kisa cherehani iliyoazimwa ikarudishwa na sindano iliyovunjika, wanalala vyumba vinavyotazamana.

Wanazungumza kupitia kwangu. "Mwambie mama mkwe wako sukari si ya mtu mmoja." "Baba, mwambie shangazi yako mimi naona kwa jicho moja, lakini kijiko chake nakiona."

Mwalimu wa historia na jiografia, umri zaidi ya miaka hamsini, shahada ukutani: mpeleka salamu za sukari.

Jumatano, 6 Machi

Mvua.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa mchapaji. Ndiye anayechapa kalenda na majalada ya madaftari hapa mjini, mtu mwema ila hajawahi kumaliza kikombe cha chai maishani mwake. Nilimpelekea mchezo wangu.

Niueleze hapa, maana nyumbani hakuna anayetaka kuusikia tena. Ni ubao wenye bahari katikati na bandari pembezoni. Sikuzipa majina ya miji, nimezipa majina ya bidhaa: Ubani kaskazini, Pilipili mashariki, Pembe kusini kabisa, na katikati ya mwambao iko Bandari ya Kati. Kila mchezaji ni nahodha wa zamani zile. Chombo chake ni kifungo cha nguo. Maharage ni shanga, dengu ni pilipili, vijiti vya kiberiti ni pembe za ndovu, vitambaa ni vitambaa. Na upepo ni kifuniko cha sufuria nilichokichora duara la mwaka, kimebanwa kibanio cha nguo ukingoni. Kila raundi unakizungusha hatua moja, kinalia *tak*. Kikiwa upande wa kaskazi, vyombo vinashuka kusini. Kikiwa upande wa kusi, vinapanda. Huwezi kwenda kinyume. Ukichelewa, unakaa ulipo na kukosa zamu mpaka upepo ugeuke.

Mchapaji alitupa dadu mara chache akakwama Pembe. Akatazama saa.

"Mwalimu, hapa nafanya nini?"

"Unasubiri kusi."

"Halafu?"

"Halafu unarudi."

"Mwalimu wangu," akasema kwa huruma ambayo ingefaa msibani, "watu hawanunui kusubiri. Toa huo upepo. Mtu atupe dadu aende atakako. Nitakuja kwako mvua zikiisha, kabla mashine hazijaanza vitabu vya shule. Ukiwa umeurekebisha, nachapa. Usipourekebisha, tubaki marafiki."

Nimeshabaki rafiki na wachapaji wengi. Huu ni mchezo wangu wa sita. Ule wa mito ulichezwa jioni nzima, tukamaliza bila mshindi na bila mtu kujua kama umekwisha.

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu anauliza kifuniko cha sufuria kubwa kiko wapi. Nimesema nitaangalia.

Jumapili, 10 Machi

Toa upepo! Kama kusema toa maji baharini ili vyombo viende vizuri.

Nimeudhika mpaka nikawahutubia walaji wa chakula cha mchana. Nimewaambia: vyombo vile mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi. Tanga lake lilipenda upepo wa nyuma au wa ubavuni. Kwenda kinyume iliwezekana kwa kupinda huku na huku, ila kwa safari ya mbali na shehena tumboni ilikuwa kujitesa na kuhatarisha watu. Bahati yao upepo ule hauyumbi ovyo. Miezi mingi unavuma kutoka kaskazini-mashariki, kisha unageuka na kuvuma miezi mingine kutoka kusini-magharibi, na mwakani hivyo hivyo. Aliyeelewa jambo hilo hakuwa na haja ya kutambaa pwani kwa pwani. Aliiacha nchi kavu nyuma akakata bahari wazi, kwa sababu alijua upepo utampeleka na alijua utamrudisha.

"Na kwa nini unageuka?" akauliza mama mkwe.

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali la somo langu nyumbani kwangu. Kabla sijaweka kijiko chini, yeye akaendelea: "Ni kama karai na ndoo ya maji, nini? Ukiviweka juani, karai linakuchoma mkono, maji bado baridi. Usiku karai limeshapoa, maji bado yana uvuguvugu."

Ndivyo hasa. Bara kubwa la kaskazini ndilo karai, bahari ndiyo ndoo. Miezi ya joto bara linachemka, hewa yake inapanda juu, na hewa ya baharini inakuja kujaza pengo. Hiyo ndiyo kusi. Miezi ya baridi bara linapoa kabla ya bahari, na hewa inashuka kutoka barani kwenda baharini. Hiyo ndiyo kaskazi.

"Mwambie mama mkwe wako," akasema shangazi akichambua samaki, "karai lake lilivuja tangu zamani."

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Fundi wa paa hajaonekana.

Jumatano, 13 Machi

Mvua. Fundi ameonekana. Alikuwa anajikinga mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Nimemtii mchapaji. Leo nimeondoa kifuniko (mke wangu amefurahi, amekiosha, duara langu la mwaka limekwenda na maji) nikawakalisha wote wanne: mke wangu, shangazi, mama mkwe na mimi. Dadu tu, kila mtu aende atakako.

Mchezo ulikufa kabla chai haijapoa. Wote tulikwenda moja kwa moja Pilipili, tukajaza dengu, tukarudi. Dengu zikafurika, bei ikaanguka kila mahali. Bandari ya Kati haikutiwa nanga na mtu hata mmoja. Hakuna aliyehitaji kujua chochote kuhusu mwenzake.

"Nani ameshinda?" mke wangu akauliza.

"Mama yako, nadhani."

"Sikufanya kitu," akasema mama mkwe.

"Hata mimi sikuona akifanya kitu," akasema shangazi, akiuambia ukuta.

Kwa hiyo ninao michezo miwili. Mmoja unachosha kwa kusubiri, mwingine kwa kutosubiri.

Jumatatu, 18 Machi

Nimechora upya kifuniko, mara hii kwa rangi ya mafuta. Siandiki mke wangu alisema nini.

Ijumaa, 22 Machi

Leo kimetokea kitu, na nimekasirika, na sina hakika nimemkasirikia nani.

Mvua ilitufungia ndani. Mke wangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa zamu. Shangazi akasema mwenyewe, "Lete huo ubao wako, we mtoto, kuliko kutazama madirisha." Mama mkwe akasema yeye pia atacheza, ila apewe kifungo kikubwa cheusi ili akione. Shangazi alichukua chekundu.

Shangazi hucheza kama anavyonunua nyanya: kwa kasi na kwa shaka. Alijaza vitambaa na shanga Ubani, akashuka na kaskazi, akaipita Bandari ya Kati bila kuigeukia kwa sababu pembe bei yake ni nzuri zaidi kusini kabisa. Nilimwonya. Kaskazi hufifia kadiri unavyokwenda kusini. Anayefika Kati anafika mapema, anauza kwa nafasi, na kusi ya kwanza ikianza yuko tayari kupanda nayo. Anayekwenda mpaka Pembe anafika upepo ukikata roho. Akimaliza kuuza, kusi ya mwanzo imeshapita, imekuja ile kali ambayo bahari inafungwa na hakuna nahodha mwenye akili anayeondoka. Lazima angoje mwisho wa kusi, upepo ukishatulia, ule wanaouita demani. Ndiyo maana wenye vyombo vya mbali wengi walikomea katikati, na wenyeji ndio waliopandisha pembe mpaka pale kwa vyombo vyao vidogo. Ndivyo Kati ilivyonenepa.

"Maneno mengi," akasema shangazi. *Tak*, *tak*. Amekwama.

Na hapo Pembe alikwishakuwako nani? Kifungo cheusi. Mama mkwe alikwama mapema, hakuiona alama ya kugeuka.

"Wote wawili mnakosa zamu," nikasema.

Shangazi akaweka dadu chini. "Nakaa huko miezi yote hiyo?"

"Ndiyo."

"Nakula nini?"

"Shangazi, ni mchezo."

"Nalala wapi? Vitambaa vyangu naviweka wapi, mvuani? Umesoma mpaka ukaota kipara, hujui kwamba mtu akikaa mahali lazima awe na mwenyeji?"

"Baba, mwambie shangazi yako," akasema mama mkwe taratibu, "mimi nimefika kwanza. Nimeshapata nyumba. Ghala ninalo. Vitambaa vyake naweza kumwekea, akitaka. Lakini kwa kila vitano, kimoja changu."

"Mwambie mama mkwe wako huo ni wizi. Kimoja kwa kumi. Na asiuze vyote siku moja, bei itaanguka. Auze kidogo kidogo mpaka vyombo vingine vifike."

"Mwambie nilikuwa nauza sokoni yeye bado anajifunza kuhesabu."

Wakaendelea hivyo, kupitia kwangu, mpaka sauti ikanikauka. Walikubaliana kimoja kwa vinane. Kisha shangazi akataka kujua kama mwenyeji wake anajua kufuma, kwa sababu yeye amekuja na vitambaa vilivyokwisha kufumwa na ingekuwa faida kuwafundisha watu wa Pembe kufuma vyao. Mama mkwe akasema watu wa Pembe hawana haja ya kufundishwa na mtu aliyevunja sindano.

Shangazi akaacha kuhesabu vitambaa.

"Mwambie," akasema shangazi, "sindano ilikuwa na ufa."

Nilifunga mchezo.

Jumamosi, 23 Machi

Nilichokikasirikia ni hiki: nimefundisha somo hili tangu mke wangu hajanikubali, na sikuwahi kuliona. Kila mwaka nasema ubaoni "wafanyabiashara walisubiri upepo," nafuta, naendelea na mada nyingine. Kana kwamba walisimama ufukweni miezi yote hiyo wakitazama juu.

Walikaa. Walipanga nyumba. Walimtafuta mtu wa kumwachia mali, na mtu huyo alinunua bidhaa wakati vyombo havipo na bei iko chini, akazihifadhi mpaka vyombo virudi. Wengine walioa. Mgeni alijifunza kuomba maji kwa lugha ya mwenyeji, mwenyeji akajifunza mizani ya mgeni. Mbegu zilipandwa kwa sababu aliyezileta alikuwepo mpaka zikaota. Sala, namna ya kuandika, namna ya kujenga ukuta, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopakuliwa kwa siku moja kama gunia. Na kwa kuwa hapakuwa na upepo mmoja wa kumpeleka mtu kutoka mwisho huu wa dunia hadi mwisho ule kwa safari moja, kila bandari ya kati ilikuwa mahali pa kumkabidhi mwingine, na kila makabidhiano yalihitaji watu wawili wanaoelewana.

Ilibidi shangazi aulize atakula nini.

Jumatatu, 25 Machi

Kanuni mpya: hakuna kukosa zamu. Aliyekwama anachagua mwenyeji, wanapatana, na kabla upepo haujageuka kila mmoja lazima ampe mwenzake ujuzi mmoja. Nimechora kadi za ujuzi: kufuma, mizani, kuyeyusha chuma, migomba, kuandika, kushona mbao. Mwenye ujuzi mwingi mwisho wa mchezo ndiye mshindi, si mwenye dengu nyingi.

Shangazi amesema kadi ya migomba nimeichora kama mwavuli.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua. Wanacheza kila jioni. Siwezi kusahihisha madaftari mezani kwangu.

Jumanne, 9 Aprili

Bandeji ya mama mkwe imetoka. Jambo la kwanza aliloliona vizuri ni kwamba nimenenepa.

Jumapili, 21 Aprili

Mchapaji ametuma ujumbe: anakuja Jumamosi, na anatumaini "ule upepo umeshughulikiwa." Nimejibu kwamba umeshughulikiwa sana.

Mke wangu ameusoma akichungulia juu ya bega langu. "Hukumwambia ukweli."

"Nimemwambia ukweli mfupi."

"Mwalimu, akikataa huu wa sita, utaanza wa saba?"

Nilisema hapana. Akasema hilo ndilo linalomtisha.

Alhamisi, 25 Aprili

Fundi amemaliza paa. Shangazi anaweza kurudi kwake wakati wowote. Amesema vizuri, akaenda kulala.

Jumamosi, 27 Aprili

Mchapaji alikuja. Amekubali kuuchapa, upepo ukiwamo. Nilimwelekeza kwa utulivu, nikajibu hoja zake moja baada ya nyingine, mwishowe akashawishika.

Jumapili, 28 Aprili

Nimesoma nilichokiandika jana. Sikumwelekeza kwa utulivu, wala hakuna hoja niliyoijibu. Mambo yalikuwa hivi.

Mchapaji alifika na kusema ana nusu saa. Aliona kifuniko cha sufuria mezani, akaniangalia kama mtu aliyedanganywa na mgonjwa. Nikaanza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye karai na ndoo shangazi akasema, "Nyamaza, we mtoto, mgeni hajapewa hata kifungo." Akampa cha kijani, wakaanza.

Mchapaji alicheza alivyo. Alipakia vitambaa mpaka pomoni, akaipita Kati, akakimbilia Pembe. *Tak*. Kaskazi ikamwisha mlangoni. Akatupa mikono juu.

"Si ndiyo hii niliyosema! Sasa nafanya nini?"

Nilifungua kinywa. Mama mkwe akanitangulia.

"Karibu, mwanangu," akamwambia. "Umekula?"

"Mama, sina muda wa..."

"Muda unao. Kusi kali inakuja, huendi popote. Vitambaa vyako vitalowa. Nina ghala. Kimoja kwa vitano."

"Kimoja kwa vitano!" Mchapaji akavuta kiti. "Mama, huo ni unyang'anyi."

"Mwulize huyo mwekundu," akasema mama mkwe akimwonyesha shangazi kwa kidevu. "Yeye nilimwachia kwa vinane. Lakini yeye alinifundisha kufuma."

Kutoka hapo sikuhitajika. Alipatana na mama mkwe, akajuta, akampelekea shangazi nusu ya mali ili kuwashindanisha, akakuta wale wawili ni washirika tangu juzi na ghala ni lile lile. Alicheka mpaka akakohoa. Akataka kadi ya kuyeyusha chuma. Wakamwambia alipe kwa ujuzi, na yeye hana ujuzi hata mmoja, maana hakukaa mahali popote. Simu yake ililia, akaigeuza kifudifudi. Chai yake aliimaliza. Nimeshuhudia kwa macho yangu.

Mimi nilikuwa wapi? Bandari ya Ubani, nilipoanzia. Kila zamu yangu ilipofika nilikuwa namweleza mtu kuhusu upepo, na upepo ukapita.

Kisha lilitokea lile ambalo jana sikuliandika kabisa. Demani ilikuwa imeingia, kusi imetulia, bahari imefunguka. Shangazi alikuwa amejaza pembe ila alikuwa anabishana na mchapaji juu ya shanga, hakusikia kifuniko. Hatua moja zaidi na upepo ungemwisha, angebaki Pembe na mali yote. Mama mkwe aliona. Alinigeukia, akafungua mdomo, nami nikajiandaa kupokea ujumbe kama kawaida. Akaufunga. Akamgeukia shangazi.

"Mkwe," akasema. "Pandisha tanga sasa. Utachelewa."

Mke wangu alikuwa mlangoni na sinia. Alisimama pale pale.

Shangazi alimtazama. Akakitazama kifungo chake chekundu, akakisukuma mpaka nje ya bandari, kidogo tu.

"Vitambaa vyangu vilivyobaki?"

"Viko ghalani. Nitauza kidogo kidogo."

"Sindano," akasema shangazi, "niliivunja mimi."

"Najua. Nenda, upepo unakwisha."

Mchapaji, ambaye hakujua lolote kuhusu cherehani, alisema kwa sauti ya mtu aliyekerwa, "Hii ndiyo sehemu tamu, kwa nini hukuniambia kwamba hii ndiyo sehemu tamu?" Kisha akasema atachapa kidogo kwanza, ajaribu, na kwamba kadi ya migomba lazima ichorwe na mtu mwingine. Akaondoka gizani na ubao, kadi, na kifuniko. Mke wangu alimfuata mpaka getini kukidai. Hakufanikiwa.

Nani alishinda sijui. Nadhani tena mama mkwe.

Leo asubuhi mvua imekatika na jua limetoka. Nilimwambia shangazi nipo tayari kumpeleka kwake, paa ni zima. Alisema atafikiria, akaingia chumba cha mama mkwe akafunga mlango. Nikasikia vikombe. Nikaenda kujipikia chai yangu, nikapandisha mkono juu ya kabati, nikapapasa mpaka ukutani.

Bakuli la sukari liko kwao. Nimebisha hodi mara mbili, hawajanisikia. Chai nimeinywa hivyo hivyo.